Kumaliza Deni kwa Malipo ya Mkupuo
Mkulima wa alizeti wilayani Kongwa anadaiwa shilingi milioni 2. Mvua imekatika mapema, mavuno hayatoshi. Akiuza ng'ombe wawili, anapata milioni 1 na laki 2.

Ofa ya malipo ya mkupuo kwa mkopeshaji huandikwa. Hutaja kiasi, siku ya kulipa, na sharti moja: fedha hizo zimalize deni lote, pamoja na riba na adhabu. Aanze na laki 9, ibaki nafasi ya kuongeza. Asiahidi zaidi ya fedha alizo nazo. Mkopeshaji halazimiki kukubali.

Akikubali, barua yake ya kukubali kwanza, fedha baadaye. Ahadi ya simu ya afisa mikopo haitoshi. Barua iwe na sahihi na muhuri. Malipo yaende akaunti ya taasisi, kisha mkulima adai stakabadhi na hati yake ya dhamana. Barua kwanza, fedha baadaye.