Bomba la Kufukiwa na Mpira wa Kulazwa Juani: Kuchagua Vifaa vya Umwagiliaji wa Matone



Mkulima mdogo anapojenga mfumo wa umwagiliaji wa matone hukutana dukani na plastiki za aina mbili. Ya kwanza ni PVC, ile ngumu ya kijivu au nyeupe inayouzwa kwa vipande na kuungwa kwa gundi. Ya pili ni poliethilini, yaani mpira mweusi unaokunjika na kuuzwa kwa mviringo, ambao juu yake huandikwa PE. Wengi huuliza ipi ni bora. Swali lenye faida zaidi ni ipi ikae wapi, kwa maana kila moja ina mahali inapodumu na mahali inapoharibika.

Jambo la kwanza ni jua. Ndani ya mwanga wa jua mna miale ya urujuanimno, ambayo hukata minyororo ya chembe zinazoijenga plastiki. PVC ikipigwa na miale hiyo kwa muda mrefu hubadilika rangi, uso wake hufanya vumbi jeupe kama la chaki, kisha hupoteza uwezo wa kuhimili pigo. Bomba la namna hiyo linaweza kuendelea kupitisha maji bila dalili ya kuvuja, lakini siku jembe au jiwe likiligusa hupasuka kama kigae. Dalili yake ni rahisi kuitambua: ukipitisha kidole juu ya bomba, kidole hutoka na unga.

Poliethilini isiyotiwa kinga huharibika juani vilevile, tena upesi. Kinachoiokoa ni weusi wake. Viwandani huchanganywa na masizi ya kaboni, kwa kawaida kiasi cha asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito wake, na masizi hayo hufyonza miale kabla haijapenya ndani. Kwa hiyo weusi si pambo, na mnunuzi anapaswa kuukagua. Akate kipande kidogo na kutazama ukingo uliokatwa: rangi iwe nyeusi moja tangu nje hadi ndani, bila mabaka wala michirizi ya kijivu. Mpira uliokwisha kukaa shambani hupimwa kwa kuukunja kwa nguvu. Ukionyesha nyufa ndogo kwenye pindo, jua limekwisha kuula.

Unene nao una hesabu yake. Mpira mwembamba wa milimita 0.2 ni wa bei nafuu, lakini hukusudiwa kutumika kwa misimu michache tu. Wenye unene wa milimita 0.9 hugharimu zaidi, nao hudumu miaka kadhaa ukikunjwa na kutandazwa kwa uangalifu.

Jambo la pili ni kuziba. Hakuna plastiki inayozuia kuziba kwa yenyewe, kwani kinachoziba ni kile kilichomo majini. Hata hivyo, aina ya bomba na mahali lilipo huchangia kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni mwanga. Bomba jeupe la PVC lililoachwa juani laweza kupenyeza mwanga kidogo, na maji yenye mwanga huotesha mwani. Mwani ukibanduka husafiri hadi kwenye matundu ya kudondoshea na kuyaziba kwa utelezi wa kijani. Mpira mweusi huzuia mwanga kabisa. Tangi nalo liwe jeusi na lifunikwe, la sivyo mwani utaota humo na kushuka mabombani.

Njia ya pili ni joto. Mpira mweusi hupata joto kali mchana, na kwenye maji yenye chokaa joto hilo huigandisha chokaa penye matundu. Wakazi wa Dodoma wanaotumia visima vyenye maji ya chumvi na chokaa wanaufahamu ukoko huo mweupe kwenye sufuria zao za kuchemshia maji. Hapa weusi unaoilinda poliethilini dhidi ya jua huwa na gharama yake. Dawa yake ni kumwagilia asubuhi mapema au jioni, na kuufunika mpira kwa nyasi kavu.

Njia ya tatu husahauliwa na mafundi wengi. PVC ikikatwa kwa msumeno au kutobolewa kwa keekee huacha vumbi na nyuzi za plastiki ndani ya bomba. Mipira ikiunganishwa kabla bomba halijasafishwa, takataka hizo huingia zote kwenye matundu siku ya kwanza, na mkulima hudhani ameuziwa mipira mibovu.

Tuchukue bustani ya nyanya yenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 20, yenye tangi la lita 1,000 lililoinuliwa juu ya kichanja. Bomba kuu, litokalo kwenye tangi na kupita kwenye upana wa bustani, liwe la PVC, nalo lifukiwe kina cha sentimita 45 ili jembe lisilifikie. Kipande kinachobaki nje karibu na tangi kipakwe rangi nyeupe ya maji. Chujio likae kati ya tangi na bomba hilo, na wavu wake uwe wa namba 120, ambao vitundu vyake vina upana wa milimita 0.13 hivi. Baada ya bomba kutobolewa, mwisho wake ufunguliwe na maji yaachwe yapite hadi yawe safi. Ndipo mipira 10 ya poliethilini, kila mmoja wa mita 20, iunganishwe.

Mipira hiyo isivutwe ikakaza. Poliethilini hurefuka sana kwa joto: mpira wa mita 20 ukipanda joto kwa nyuzi 30 unaweza kurefuka sentimita 12 hivi, na usiku hurudi. Ukiwa umekazwa, huchomoka kwenye kiungio.

Matundu yakiwa kila sentimita 30, mpira mmoja una matundu 66 hivi, na bustani nzima 660. Kwa shinikizo dogo la tangi, tuseme kila tundu hutoa nusu lita kwa saa. Basi bustani hutumia lita 330 kwa saa, na tangi hutosha saa tatu.

Hesabu hiyo ndiyo kipimo cha kuziba. Vikombe vitegwe chini ya tundu la mwanzo, la kati na la mwisho la mpira mmoja kwa nusu saa. Kila kimoja kipate robo lita au karibu yake. Cha mwisho kikipata nusu ya cha kwanza, kuna tatizo. Tundu likiwa na ukoko mweupe, lidondoshewe siki: ukitoa povu ni chokaa, na kuliloweka kwenye siki huuyeyusha. Uchafu wa rangi ya kutu ni chuma cha kisimani, na maji hayo yahitaji kutuama tangini kabla ya kutumika. Mchanga huonyesha kwamba wavu wa chujio umetoboka.

Kila wiki chujio lioshwe, na ncha za mipira zifunguliwe mmoja baada ya mwingine hadi maji yatoke meupe. Mavuno yakiisha, mipira isafishwe, ikunjwe kwa mviringo mpana na kuhifadhiwa kivulini, mbali na panya. PVC ibaki chini ya udongo, mahali ambapo jua haliifikii.