Malori ya Lubumbashi, Kodi ya Dar es Salaam

Wandugu, tuseme watu wawili wa hapa Lubumbashi wana sosiete ndogo ya malori, nayo imeandikwa hapa. Lakini ndugu yao aliye Dar es Salaam ndiye anayekata maneno yote makubwa: bei, deni la benki, kununua lori. Wao wanatia sahihi tu.

Sheria ya kodi ya Tanzania ya mwaka 2004 haiulizi tu sosiete imeandikwa wapi. Inauliza pia: inaongozwa wapi? Ikiongozwa kule wakati wowote wa mwaka, inahesabiwa kuwa mkaaji wa kule, na faida yake yote inatazamwa kule. Na kodi ya kazi inayofanyika hapa haifutwi! Daftari ya mikutano ya Lubumbashi haitawaokoa, kama barua zinaonyesha amri zinatoka Dar es Salaam.