Usimwage Ute wa Bamia

Leo ni ule ute wa bamia, ambayo ninyi mliotoka Kongo mnaiita gombo. Wako wanaouchukia hata wanamwaga maji yake. Usiyamwage.

Ini lako hutengeneza nyongo kwa kutumia kolesteroli, aina ya mafuta iliyomo kwenye damu. Nyongo huingia utumbo mwembamba kusaidia kusaga mafuta ya chakula. Ikimaliza kazi, karibu yote hunyonywa mwishoni mwa utumbo huo na kurudi kwenye ini, itumike tena. Ute wa bamia, tumbo haliwezi kuusaga. Huwa mzito kama uji, hunasa sehemu ya nyongo na kutoka nayo chooni. Ini likipungukiwa, huchota kolesteroli nyingine kwenye damu ili litengeneze nyongo mpya. Hapo ndipo kolesteroli hushuka.

Mbegu za kitani hufanya vivyo hivyo. Ute wake uko kwenye ganda. Loweka kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji, asubuhi utaona maji yanavutika. Usizimeze kavu, zitavimba ndani na kukufungia choo.

Hata hivyo kolesteroli hushuka kidogo tu, kwa kula mara kwa mara wiki kadhaa, na bamia iliyoogelea kwenye mafuta haihesabiki. Dawa ulizopewa kituo cha afya usiziache. Ila usizimeze pamoja na kitani. Acha muda wa saa mbili hivi katikati, maana ute huweza kuzichelewesha.