SIKU YA MCHANGO IMEHAMA
Maneno ya Katibu wa kikundi cha mzunguko kwa wanachama, Kakamega

Ndugu wanachama, na ninyi wafanyakazi wenzetu mliokuja kusikiliza,

Kamati imetutuma tuwape habari moja, na tutaitoa kwanza kabla ya maelezo, ili mwenye haraka ya kuwahi matatu ya Malava aondoke nayo. Mkutano wetu wa kila mwezi, ambao ndio siku ya mchango, hautakuwa tena Jumamosi ya kwanza saa 9 alasiri chini ya mti karibu na soko. Kuanzia mwezi ujao utakuwa Jumamosi ya pili, saa 4 asubuhi, katika ukumbi wa kanisa kule Amalemba, ule tuliofanyia sherehe ya kumaliza mzunguko uliopita. Kitabu kitafunguliwa saa 4 kamili na kufungwa saa 6. Kiasi cha mchango ni kile kile, shilingi 3,000. Zamu ni zile zile tulizopiga kura. Nambari ya simu ya mweka hazina ni ile ile.

Sasa tueleze kwa nini, maana wengine wamenong'ona kwamba kamati inajipendelea.

Habari ya mahali ni nyepesi. Ninyi wenyewe mnaijua mvua ya Kakamega. Asubuhi jua, mchana mawingu, na ikifika saa 9 alasiri radi inapiga upande wa msitu. Mara ngapi tumehesabu noti huku mmoja ameshika mwavuli juu ya kitabu, na wino unatiririka? Tena kuhesabu pesa mahali pa wazi, kila mpita njia akiona nani anaondoka na bahasha, si jambo la watu wazima. Ukumbi una mlango, una meza, na hatulipi kodi ila kufagia baada ya mkutano. Wanaotoka Khayega na Shinyalu, na wale wa Lurambi na Malava, wote washuke steji mjini kisha watembee.

Habari ya tarehe ndiyo inayotaka kufikiriwa. Jumamosi ya kwanza ya mwezi inaweza kuangukia tarehe yoyote kati ya 1 na 7. Wengi wetu hapa tunapata mshahara tarehe 5. Basi ikiwa Jumamosi imeangukia tarehe 1, 2, 3 au 4, siku ya mchango inafika kabla ya mshahara, na mtu anakopa ili achange, au anakuja mikono mitupu na kulipa faini ya shilingi 200 kwa kosa ambalo ni la kalenda. Jumamosi ya pili haiwezi kuwa kabla ya tarehe 8 wala kupita tarehe 14. Wakati wowote itakapoangukia, mshahara wa tarehe 5 utakuwa umekwisha kuingia.

Mtauliza, kama ni nafuu kwa wote, ubishi wa mwezi mzima ulikuwa wa nini? Ulikuwa kwa sababu kuhamisha siku katika mzunguko si sawa na kuhamisha mkutano wa mazishi au wa kwaya. Benki ina sanduku la chuma. Chama cha akiba na mikopo kina akaunti. Sisi hatuna kimoja katika hivyo, wala hatuvihitaji, kwa sababu pesa zetu hazilali. Zinaingia kwa watu 12 na kutoka kwa mtu mmoja, saa ile ile, mbele ya macho ya wote. Siku yenyewe ndiyo sanduku letu. Wenzetu wa Tanzania wanauita mchezo huu upatu, na huko pia ni hivyo: wote huchanga, mmoja hupokea.

Fikirini basi kama tungetangaza mabadiliko kwa mdomo tu, na watu 8 wakaja siku ya zamani, na 4 siku mpya. Shilingi 24,000 zingekuwa zimeingia, na 12,000 bado. Nani angelala na zile 24,000 wiki nzima? Mweka hazina wetu ni mwaminifu, lakini naye ana watoto wanaougua usiku. Na mtu ambaye amekwisha kula zamu yake, akiwa hana nia ya kulipa, angepata maneno mazuri sana ya kusema: "Nilifika kwenye mti sikukuta mtu." Nani angemkatalia?

Maana deni lipo, ndugu, hata kama hatuliiti deni. Tumezunguka miezi 5. Waliokwisha kupokea ni watano. Kila mmoja alipokea shilingi 36,000, na mpaka leo kila mmoja amechanga mara 5, yaani 15,000. Kila mmoja wao basi anadaiwa 21,000, ambazo atazilipa kidogo kidogo mpaka zamu ya 12. Kwa wote watano ni shilingi 105,000. Pesa hizo ni za wale saba wanaongoja. Kila mmoja wao ametoa 15,000 na hajaona kitu. Siku ikiyumba, fedha zinazoyumba ni hizo.

Na hata siku isipoyumba, ikihamishwa vizuri, nafuu hailingani. Kutoka Jumamosi ya kwanza hadi Jumamosi ya kwanza inayofuata ni majuma 4, mara nyingine 5. Mwezi huu wa kuhama, kutoka Jumamosi ya kwanza hadi ya pili ya mwezi ujao, itakuwa majuma 5 au 6. Baada ya hapo tutarudi kwenye 4 au 5. Juma hilo moja la nyongeza ni zawadi kwa aliyekwisha kupokea, kwa sababu anachelewa kulipa. Kwa anayengoja ni hasara, kwa sababu anachelewa kupata. Kwa hiyo tuliona si haki kuhesabu mikono yote pamoja kana kwamba ina uzito mmoja. Katiba yetu inataka theluthi mbili, yaani watu 8 kati ya 12, na hao tungeweza kuwapata kwa urahisi kwa kuanza na wale watano waliokula. Tulianza na wale saba wanaongoja.

Sita walikubali. Wa saba, dada yetu mwenye zamu ya 6, alikataa. Zamu yake ndiyo hii inayofuata, na shule ya mtoto wake inafunguliwa Jumatatu baada ya Jumamosi ya kwanza. Alisema hivi mbele ya kamati: "Tarehe yenu ni nzuri, lakini mwalimu wa zamu langoni hataniuliza tarehe. Ataniuliza karo." Baadhi ya wanachama walimwona mkaidi. Sisi tulimwona ana haki, maana alichanga mara 5 akitazamia siku iliyoandikwa, na aliipangia mambo yake.

Lilipendekezwa kwamba abadilishane zamu na mtu mwingine. Halisaidii kitu, kwa sababu zamu zote zilizobaki zinakuja baadaye kuliko yake. Likapendekezwa mweka hazina amkopeshe kutoka mfukoni. Hilo tulilikataa sisi wenyewe. Mweka hazina akianza kukopesha kwa mfuko wake, baada ya miezi mitatu hakuna atakayejua pesa ipi ni ya nani.

Mwisho walisema wale watano waliokwisha kupokea, na tunawashukuru. Wao watatangulia. Mwezi ujao tu, Jumamosi ya kwanza saa 9, watakuja pale pale kwenye mti wa zamani na kutoa michango yao, 5 mara 3,000, jumla shilingi 15,000. Mwenyekiti, mweka hazina na sisi tutakuwapo, kitabu kitafunguliwa, na dada yetu atakabidhiwa hizo 15,000 papo hapo na kutia sahihi. Hazitalala kwa mtu. Zinatosha kumfikisha langoni. Jumamosi ya pili, kule Amalemba, wanachama saba waliobaki, yeye mwenyewe akiwamo, watatoa 21,000, naye atatimiziwa 36,000 zake. Baada ya kusikia hivyo alikubali, na uamuzi ukawa wa wote 12. Mpango huu ni wa mara moja. Umeandikwa hivyo katika kumbukumbu, asije mtu wa zamu ya 9 akadai naye apewe kwa mafungu.

Mpango huu una faida nyingine. Mtu ambaye habari haikumfikia, akienda kwenye mti siku ya zamani, atatukuta pale mpaka saa 10. Akiwa na pesa zake, zitapokewa, zitaandikwa, na atapewa dada yetu saa ile ile. Faini haitatozwa kwa mwezi huo kwa aliyekosea mahali au siku. Mwezi unaofuata itatozwa.

Tangazo hili limeandikwa na kutiwa sahihi tatu, ya mwenyekiti, ya mweka hazina na yetu. Katibu peke yake hana ruhusa ya kuhamisha siku, na mkipata habari yenye sahihi yetu peke yetu msiifuate. Kabla ya kuondoka kila mmoja atie sahihi kwenye safu mpya ya daftari kwamba amesikia. Wawili hawapo leo. Tutawapigia simu mbele ya mwenyekiti, na majibu yao yataandikwa.

Neno la simu sasa. Mabadiliko kama haya ni msimu wa wezi. Mtu akisikia siku imehama, haoni ajabu akiletewa ujumbe kwamba na nambari ya kutumia pesa imehama. Haikuhama. Wanaotuma kwa M-Pesa wasome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Lisipokuwa la mweka hazina wetu, waache. Na mweka hazina hatakubali ujumbe aonyeshwao kwenye simu ya mchangaji, kwa sababu ujumbe wa uongo unaweza kuandikwa na mtoto wa shule. Atatazama ujumbe wake mwenyewe na salio lake, kisha atasoma nambari ya malipo kwa sauti tuiandike. Kutuma mapema juma zima kabla ya mkutano hatukutaki pia. Tumeni asubuhi ile ile, ili fedha zisikae kwenye simu ya mtu mmoja.

Ndugu mmoja ameuliza itakuwaje Jumamosi ya pili ikiwa kuna harusi au mazishi ukumbini. Tumezungumza na mtunza ukumbi. Atatuambia siku tatu kabla, na hapo tutakaa uani nyuma ya ukumbi huo huo, si kurudi kwenye mti. Tarehe na saa hazibadiliki.

Daftari liko hapa mezani, kalamu mbili. Wa Malava watie sahihi kwanza, gari lao halingoji.

Katibu, kwa niaba ya kamati