Kunadi kwa Mdomo Katika Soko la Kitangari: Spika za Kurekodiwa na Hatima ya Sauti ya Mchuuzi

Mada kwa semina ya viongozi wa soko, watendaji wa kata na wafanyabiashara wadogo



Nimeombwa nianze na maana, nami nitazipita haraka kwa kuwa kila aliye humu ndani anazijua. Kunadi ni kutangaza bidhaa na bei kwa sauti ili mpita njia ageuke. Mpiga debe wa stendi hunadi safari, machinga hunadi kilicho begani mwake, na mama wa mboga hunadi akiwa amekaa nyuma ya mafungu yake. Kisheria tunaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 pamoja na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za 2015, zinazosimamiwa na NEMC. Aidha, Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 kwa mamlaka za wilaya inaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Hayo yanatosha kwa upande wa maana na sheria.

Jambo ninalotaka tulijadili leo ni spika za kurekodiwa. Ni ile pembe ya plastiki yenye betri na kadi ndogo ya kumbukumbu, inayorudia maneno yale yale tangu asubuhi hadi soko linafungwa. Nimeliandika suala hili katika taarifa nyingi, na kila mara jibu limekuwa moja kati ya mawili. Ama tunaambiwa biashara ni matangazo, tuwaache vijana watafute riziki, ama linatoka tangazo la kupiga marufuku kelele zote sokoni, na wa kwanza kufuatwa anakuwa mama anayeita kwa mdomo, kwa sababu yeye hana pa kujificha. Majibu yote mawili yanatokana na kutojua mwito unavyofanya kazi.

Mtu anayetembea sokoni bila haraka hupita kama mita moja kwa sekunde. Tuseme meza ya muuzaji inaonekana vizuri kuanzia mita tano kabla hadi mita tano baada ya kuifikia. Mpita njia huyo yupo mikononi mwa muuzaji kwa sekunde kumi tu. Akisikia mara ya kwanza anatafuta sauti inatoka wapi, akisikia mara ya pili ndipo anashika bei. Kwa hiyo mwito mzima, yaani bidhaa, kipimo na bei, unapaswa kuisha ndani ya sekunde nne au tano ili umpate mara mbili. Kurudia kwa wachuuzi kunatokana na hesabu hiyo, ingawa hakuna aliyewafundisha.

Chukueni mwito wa mama anayeuza dagaa wakavu pembeni ya njia ya katikati: "Haya dagaa, dagaa mia tano, fungu mia tano!" Ni silabi kumi na nane. Kwa mwendo wake zinamchukua sekunde nne hivi pamoja na pumzi. Bidhaa imetajwa mara mbili, bei mara mbili, kipimo mara moja. Sasa sikilizeni irabu zake. Neno dagaa lote ni "a", na "a" hutamkwa kinywa kikiwa wazi kabisa, hivyo ndiyo irabu inayobeba sauti mbali kuliko zote. Konsonanti kama "s", "f" na "t" ni dhaifu, nazo ndizo za kwanza kumezwa na kelele. Ndiyo maana katika vurugu ya soko "mia sita" na "mia tisa" hugeuka kitu kimoja sikioni: irabu zake ni zile zile na kwa mpangilio ule ule. Muuzaji mzoefu mwenye bidhaa ya mia tisa atakuambia "elfu kasoro mia", na mteja hakosei. Kwa "buku" nako kuna shida, kwa kuwa "u" hutamkwa midomo ikiwa imebanwa na sauti inatoka kidogo. Wanaojua hutanguliza neno lililo wazi: "haya buku, haya buku".

Hapa kwetu kuna jambo la ziada. Kimakonde huivuta silabi ya pili kutoka mwisho kuliko Kiswahili kinavyofanya, na wachuuzi wa huku wameuhamisha mvuto huo kwenye mwito wao: "mia taaano". Silabi iliyovutwa imo ndani ya neno linalobeba bei, kwa hiyo bei inapata muda wa kupenya kati ya honi ya bodaboda na mlio wa mashine ya kusaga. Mzee aliyeshuka kutoka kijijini anaipata bei akiwa bado mbali, kwa sababu inamfikia kwa mapigo aliyoyazoea.

Sasa iwekeni spika karibu na mama huyo. Upande mmoja kuna dawa ya panya, mende na kunguni, upande wa pili kuna nguo za mtumba. Maneno ya spika ya dawa huchukua zaidi ya nusu dakika kabla ya kurudi mwanzo. Kwa hesabu ile ya sekunde kumi, mpita njia anaondoka na kipande tu. Huyu amesikia panya asisikie bei, yule amesikia bei asijue ni ya nini. Isitoshe, pembe hizi ndogo zikifunguliwa hadi mwisho sauti hukwaruza, na mkwaruzo unaziua konsonanti zilizobaki. "Panya" inapona kwa ajili ya "a" zake. "Kunguni" haitoki kabisa, inabaki mvumo. Mwenye spika anaona kelele ni nyingi, hivyo anaamini kazi inafanyika.

Mama wa dagaa amebadilika. Nimemtazama mara nyingi. Kwanza alipandisha sauti. Hilo mtu halifanyi kwa kutaka: tangu 1911 daktari Mfaransa Etienne Lombard alikwisha kueleza kwamba msemaji aliyezungukwa na kelele hupandisha sauti bila kujijua. Mwenye mtumba naye akaongeza ya kwake ili ampite mwenye dawa, mwenye dawa akajibu. Halafu mama akaanza kuukata mwito: kwanza limekwenda fungu, kisha ikaenda bei, limebaki "dagaa" peke yake. Sasa anasubiri ule upenyo mfupi pale maneno ya spika yanapokwisha kabla hayajaanza upya, anagonga kopo kwenye ukingo wa beseni mara mbili, anatia "dagaa!", ananyamaza tena. Mwito wake unapangiwa saa na mashine ya jirani.

Mteja akifika, mambo yanaharibika zaidi. "Shikamoo mama. Fungu bei gani?" "Marahaba mwanangu, mia tano." Mteja anainama, anauliza tena. Mama anainua mkono wenye vidole vitano. Anayetaka kupunguziwa bei anaona haya kupiga kelele mbele ya watu, basi anaondoka. Mchuuzi anayenadi kwa mdomo hunyamaza mara tu mteja anaposimama, kwa kuwa kazi ya mwito imekwisha na mazungumzo yameanza. Spika haijui kwamba mteja amekwishafika.

Kwa wanaotaka kipimo, kipo, na hakihitaji chombo. Simama karibu na meza, uhesabu wateja kumi wanaosimama, uone wangapi wanauliza bei ambayo imetangazwa muda huo huo. Kisha omba spika izimwe, uhesabu kumi wengine. Wakiuliza bei wengi, mwito haufiki, hata kama soko zima linatetemeka. Kipimo cha pili ni cha majirani: watu wawili wasimame mbele ya meza ya jirani wakiwa na hatua mbili kati yao, wazungumze kama kawaida. Wakilazimika kurudia maneno, spika imezidi.

Napenda nieleweke. Sipendekezi vijana wanyang'anywe vifaa vyao, na siilaumu ofisi yoyote. Ninachoomba ni kwamba tuache kuweka sauti ya mtu na spika katika fungu moja.

Kwa msingi huo, napendekeza sheria ndogo itamke wazi kwamba kunadi kwa mdomo kunaruhusiwa saa zote za soko, na kwamba masharti yanahusu vyombo vya kukuza sauti. Bila sentensi hiyo moja, kila operesheni itaendelea kumwangukia mama wa mboga.

Maneno yaliyorekodiwa yasizidi sekunde tano, yafuatwe na ukimya usiopungua sekunde kumi. Ukimya huo ndio nafasi ya wengine, na unamfaa hata mwenye spika, kwani sikio huacha kusikia kisichokoma.

Pembe ielekezwe chini kwenye bidhaa, isielekezwe njiani wala kwa jirani. Sauti hupungua desibeli sita kila umbali unapozidi mara mbili, kwa hiyo mwenye spika ajitosheleze na mita zile kumi ambamo mteja anaweza kuona anachouziwa. Kumwita mtu aliye mita mia hakuna faida, atakuwa amesahau kabla hajafika.

Spika izimwe mteja akisimama mezani. Spika mbili zisipangwe zikitazamana, na uongozi wa soko utenge upande mmoja kwa wenye vyombo, mbali na dagaa, mboga na nyanya, ambako bei hubadilika mara kwa mara kutwa nzima na hairekodiki. Hilo la kutenga upande nimelipendekeza huko nyuma, nalirudia.

Anayerekodi arekodi kwa sauti yake na kwa lafudhi ya huku, badala ya kununua kadi iliyojazwa maneno Dar es Salaam. Aitaje bei kwanza, kisha bidhaa, kisha bei tena. Ajiepushe na "mia sita" na "mia tisa" bila neno la kuzitenganisha.

Wanaonadi kwa mdomo wapewe ushauri wa afya: wanywe maji mara kwa mara, wasikaze koo, wapokezane na mwenzao wa meza ya pili. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, mtu aende hospitali akaangaliwe koo. Wasaidiwe pia wasikate mwito. Bidhaa, kipimo na bei vibaki vyote, hata kama ni kwa kupeana zamu na jirani.

Anayekiuka aonywe kwanza, kisha atozwe faini kwa risiti. Chombo chake kisichukuliwe bila maandishi.

Mwisho, muda. Mnada wa korosho huanza kwa kawaida mwezi Oktoba, malipo yanaingia, na wafanyabiashara wa nguo na vyombo kutoka nje wanapanda huku na spika zao. Masharti haya, hasa la sekunde tano na la kuelekeza pembe chini, wasomewe siku wanapolipa ushuru, kabla hawajapanga bidhaa. Naomba kamati ya soko ikubali kuyajaribu mwezi Septemba, ikianza na meza zinazozunguka njia ya katikati, na ihesabu wateja kumi kumi kwa namna niliyoeleza, spika zikiwa wazi na zikiwa zimezimwa. Mama wa dagaa amekubali tuanzie mezani kwake. Mwenye dawa ya panya bado hajajibu, na ningeomba mwenyekiti wa soko tuongozane tukamwone.