Kutembea ndani ya depo: kupita ao kurudi?

Wandugu, sisi tunaopanga vifurushi vya waliorudi hapa Bunia tunamaliza miguu ndani ya depo. Basi tuhesabu.

Tuseme depo iko na njia nne, kila moja mita 12, zinaachana mita 3. Mlango uko mbele ya njia ya kwanza. Karatasi inaomba bashi, bidoni, sufuria na sabuni, kila kitu katika njia yake.

Vikiwa mita 3, 4, 2 na 5 kutoka mbele, kuingia na kurudi ni mita 28. Ongeza 18 za kuvuka na kurudi mlangoni: 46. Kupita kila njia mpaka mwisho ni 48 na zile 18: 66.

Lakini vikiwa mita 10, 9, 11 na 8, kurudi kunafika 94. Kupita kunabaki 66.

Kwa hiyo tuangalie njia mbili mbili. Umbali wa vitu vyake viwili ukipita urefu wa njia moja, tupite; ukipungua, turudi. Njia ikibaki peke yake, tuingie na kurudi tu. Na mifuko ikifunga upande wa nyuma, hakuna kupita: tuuache wazi.