Mstari Mmoja wa Wasifu Kazi

Msikilizaji wetu mmoja, mtunza stoo wa duka la jumla, ametutumia skrinishoti ya wasifu kazi wake. Mstari wa kwanza unasema: “Nilihusika na kutunza stoo.” Hapo mwajiri anajua cheo tu.

Tulimpigia simu tukamuuliza: ulikuta hali gani, ukafanya nini, kukawaje? Akasema alikuta kuhesabu mali kunachukua siku 3. Akaweka kadi kwenye kila rafu, kinachoingia na kinachotoka kikaandikwa papo hapo. Sasa kuhesabu kunakwisha kwa siku 1.

Basi mstari uwe hivi: “Nilianzisha kadi za rafu kwa bidhaa 400, nikapunguza muda wa kuhesabu mali kutoka siku 3 hadi 1.” Umeanza na alichofanya, na tarakimu zote zimo kwenye leja yake.

Mstari wa pili, “Nilisaidia wateja,” hauna kumbukumbu yoyote ya mauzo. Tafadhali, usibuni asilimia. Kwenye usaili utaulizwa uliipimaje, na utakwama. Taja ukubwa wa kazi unaoujua: “Nilihudumia wateja wapatao 60 kwa siku, nikiandaa ankara na kukabidhi mzigo.”